Kongamano Limeisha, Broka Ameshapiga Simu

Haya ni maoni ya kituo hiki.

Tangazo mmelisikia. Kongamano jingine la wakulima na wawekezaji linakuja hapa Machakos mjini, na tarehe, ukumbi na mgeni wa heshima mmekwisha kutajiwa kwenye taarifa ya habari. Hatuna neno na hayo. Sisi inatusumbua siku ya pili yake. Asubuhi hema zimeng'olewa, viti vimepakiwa kwenye lori, na mkulima wa Mwala yuko nyumbani na kadi tatu za watu aliozungumza nao dakika tano tano. Afanye nini nazo? Hakuna aliyemwambia.

Alichoambiwa ni kujaza daftari la mahudhurio. Jina, namba ya simu, kitambulisho, sahihi. Daftari hilo litaenda ofisini kuthibitisha kwamba watu walikuja na chai ilinywewa. Kwa waliolijaza halirudi. Tumelisema hili mwaka jana na tunalisema tena: halirudi.

Sasa angalieni nani hafuati daftari. Broka. Broka hangojei kongamano lolote. Anapita shambani miti ikiwa bado na maua, anamjulia hali mama na watoto, anaacha namba yake. Baada ya wiki mbili anapiga kuuliza kama mvua imenyesha. Embe zikikomaa, simu ya kwanza kuingia ni yake, na bei ya kwanza kutajwa ni yake. Tunamlaumu broka kila msimu, na mara nyingine kwa haki. Lakini kazi moja anaijua kuliko sisi sote: kumrudia mtu.

Mkulima naye anaweza kumrudia mnunuzi. Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mwala ana miti 80 ya embe za Kent. Kwenye kongamano anakutana na mnunuzi wa kampuni ya Nairobi inayouza ng'ambo. Wanazungumza wamesimama kando ya meza ya miche, na mnunuzi anauliza jambo moja tu: una mitego ya nzi wa matunda? Hakuliuliza bure. Kwa sababu ya nzi huyo, Kenya ilijisimamishia yenyewe uuzaji wa embe Ulaya mwaka 2014, na soko lile halikufunguka tena hadi 2021. Kisha mnunuzi anaitwa kwingine, anatoa kadi, anaondoka.

Mama asiondoke ukumbini kabla ya kuandika. Nyuma ya kadi, au kwenye simu pale anapohifadhi namba, aandike maneno machache: Kent, meza ya miche, aliuliza mitego. Kufika jioni atakuwa ameongea na watu kumi, na nyuso zitachanganyika.

Kesho yake asubuhi, siyo wiki ijayo, atume ujumbe. Asipige simu kwanza, maana namba ngeni wengi hawaipokei. Asimflashi. Na ule ujumbe wa bure wa tafadhali nipigie, jamani, asimtumie mtu waliyejuana naye jana. Aandike hivi:

"Habari za asubuhi, Bwana. Mimi ni mkulima wa embe wa Mwala, tuliongea jana kando ya meza ya miche. Uliniuliza juu ya mitego ya nzi wa matunda. Ninayo 12, na picha ndiyo hii. Je, nyinyi huanza kununua Kent Desemba au Januari?"

Basi. Amejitambulisha kwa mahali walipokutana. Amejibu swali aliloulizwa. Ameonyesha kwa picha badala ya kujisifu. Na ameuliza kitu ambacho mtu aliye kwenye foleni ya Mlolongo anaweza kujibu kwa neno moja. Hajaomba mkopo, hajaomba tenda, hajamwombea mpwa wake kazi. Wengi wanaharibu hapo: dakika tano za mazungumzo zinadaiwa malipo jioni ileile. Wengine wanatuma "Habari, tulikutana", mnunuzi anauliza "nani?", na yanaishia hapo.

Jibu likija, lisomwe vizuri. Akijibu kwa swali, kama vile una miti mingapi au barabara inafika, mlango uko wazi. Akijibu "sawa, asante" tu, huo ni uungwana, bado si biashara. Akinyamaza, mama asilalamike. Angoje wiki moja au siku kumi, kisha atume kitu kipya. Kitu kipya, siyo kuuliza mbona hujanijibu. Akinyamaza tena, basi amwache hadi shamba lenyewe litoe habari.

Na shamba la embe linatoa habari. Katika sehemu hizi maua mengi huonekana kati ya Julai na Septemba, na mavuno makubwa huja kuanzia Desemba hadi Machi. Maua yakifunguka, picha moja. Matunda yakishika baada ya yale mengine kupukutika, ujumbe mmoja: mwaka huu naona mzigo mzuri, au mwaka huu mzigo umepungua. Hata habari mbaya itumwe, kwa sababu mnunuzi hupanga lori na wateja wake, na anayemwambia mapema kwamba embe ni chache amemwokolea hasara. Jumbe tatu au nne kwa mwaka zinatosha. Zile picha za maua zenye maombi ya usiku mwema, zinazosambazwa kwa watu mia, hazihesabiki. Zinamfanya mtu azime sauti ya jina lako.

Mtu atasema, mimi nina watu wangu, hawa wa kadi ni wageni. Mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, alichapisha mwaka 1973 utafiti kuhusu watu waliopata kazi kwa kuelezwa na watu waliowafahamu. Zaidi ya nusu waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja tu. Sababu si ngumu. Jirani yako anajua yale unayoyajua wewe. Bei anayoitaja yeye uliisikia kwa broka yuleyule. Wa mbali kidogo ndiye anayejua soko lingine.

Turudi kwa daftari, maana bado hatujamaliza nalo. Safari nyingine halipotei. Linapigwa picha, na kesho yake watu wote wamo kwenye kundi la WhatsApp wakiuziwa mbolea na ploti. Hiyo nayo si kurudiana na mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mwenyewe kabla ya kutumia namba yake kwa biashara. Waandaaji, ulizeni mlangoni: nani anakubali wenzake wapewe namba yake? Wanaokubali waandikwe kwenye ukurasa wao, kila mmoja na anacholima au anachonunua, na orodha iwafikie kabla jua la pili halijatua. Ukurasa mmoja! Tunaomba ukurasa mmoja!

Na wewe mkulima wa Masii, wa Kathiani, wa Kangundo, wewe mchongaji wa Wamunyu, usiwangojee. Kadi za kongamano lililopita ziko kwenye droo, ziko kwenye koti la Jumapili. Zitoe leo usiku! Chagua ile moja ambayo bado unakumbuka mlizungumza nini. Mwandikie mahali mlipokutana, alichokuuliza, na shamba au kazi yako iko wapi sasa. Muda umepita, ndiyo, nawe usiombe radhi kwa sentensi tano. Weka picha, uliza swali moja, tuma. Tuma kabla broka hajafika langoni!