Tarehe Mbili Katika Mstari Mmoja

Msikilizaji, kama una taarifa ya akaunti yako karibu, iwe ya karatasi au ya kwenye simu, tazama upande wa kushoto. Benki nyingi zinaweka safu mbili za tarehe hapo. Moja imeandikwa Transaction Date na nyingine Posting Date. Mara nyingi zinafanana, nawe unapita bila kuziona. Zikitofautiana, hasa mwisho wa mwezi, ndipo watu wanapoanza kumshuku keshia, karani wa benki, au mtoto aliyetumwa na kadi.

Mfikirie mama mwenye mgahawa mdogo pale Sinza, Dar es Salaam. Ni mfano tu, lakini wako wengi wa namna yake. Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, saa mbili usiku, anaingia kwenye duka kubwa kununua mafuta ya kupikia na mchele wa Jumamosi. Akauntini ana shilingi 1,000,000. Anachanja kadi, anaweka namba ya siri, mashine inatoa risiti ya shilingi 180,000, na anaondoka na mzigo wake. Kwake biashara imekwisha.

Kwa benki, ndiyo kwanza imeanza. Katika zile sekunde chache ambazo mashine ilikuwa inasubiri, lililofanyika ni swali na jibu. Benki ya mwenye duka, kupitia mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, iliiuliza benki ya mama huyu: kadi hii ni halali, na fedha zipo? Benki yake ikajibu ndiyo, ikatoa namba ya idhini, na ikazizuia zile 180,000 ili zisitumike kwa jambo jingine. Imezizuia tu, haijazitoa. Kwenye leja ya benki, akaunti yake bado ina shilingi 1,000,000.

Fedha hutoka pale duka linapopeleka madai yake. Mashine ya kadi hukusanya mauzo ya siku, kisha hufungwa. Nyingine hujifunga zenyewe usiku, nyingine husubiri mfanyakazi abonyeze. Mauzo hayo yanakwenda kwa benki ya duka, benki ya duka inayapeleka kwenye mtandao wa kadi, mtandao unayagawa kwa kila benki iliyotoa kadi, na kila benki inayaingiza kwenye leja katika siku yake ya kazi. Kwa mama yetu, Jumamosi na Jumapili zilikuwa katikati. Ingizo likaja Jumatatu tarehe 2 Februari. Mstari wake kwenye taarifa unaonyesha tarehe ya muamala kuwa 30 Januari, na tarehe ya kuingizwa kuwa 2 Februari. Ya kwanza inasimulia lini yeye alinunua. Ya pili inasimulia lini kitabu cha benki kilibadilika.

Sasa angalia kinachotokea akitaka kufunga hesabu za Januari. Daftari lake la mgahawa linasema alitumia 180,000 mwezi huo, na risiti anayo. Anapakua taarifa ya Januari, na manunuzi hayo hayamo. Salio la kufungia mwezi linasomeka 1,000,000. Wakati huohuo, mwishoni mwa juma, simu yake ilikuwa ikimwambia kwamba anaweza kutumia 820,000 tu. Namba zote mbili ni za kweli. Salio la leja linafuata tarehe ya kuingizwa peke yake, na safu ya salio kwenye taarifa inapangwa kwa tarehe hiyo. Salio linaloweza kutumika limeshapunguza kile kilichozuiwa. Afanye hivi: achukue salio la benki la tarehe 31 Januari, aondoe manunuzi ambayo ana risiti zake lakini hayajaingizwa, na atapata 820,000 ileile iliyo kwenye daftari lake. Gharama ibaki Januari, kwa sababu mchele ulinunuliwa Januari. Akiihamishia Februari ili ilingane na benki, atajidanganya kuhusu faida ya miezi yote miwili.

Kuna hatari moja ambayo ningependa kila mwenye kadi aijue, kwa sababu inaumiza. Kizuizi hakidumu milele. Kila benki ina muda wake, na aina ya biashara nayo ina muda wake. Tuseme duka lile lilichelewa kufunga mashine, au faili lake likarudishwa kwa kasoro. Wiki inapita, kizuizi kinaisha, na simu ya mama inaonyesha tena 1,000,000. Anaona fedha, anashukuru, analipa kodi ya fremu shilingi 900,000. Siku tatu baadaye dai la duka linafika. Akaunti yenye 100,000 inadaiwa 180,000, na salio linakwenda chini ya sifuri kwa 80,000. Benki haikumwibia, na duka lilikuwa na haki ya fedha zake. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba salio lililorudi lilikuwa bado na mwenyewe. Ukiona fedha ulizotumia zimerudi bila ujumbe wa kurejeshewa, na bidhaa unazo, ziache zikae.

Upande wa pili wa shida hiyo ni hoteli. Unapofika mapokezi wanazuia kiasi cha makisio, tuseme 400,000, na unapoondoka wanadai gharama halisi, 310,000. Kama hoteli haikukiondoa kizuizi cha kwanza, kwa siku kadhaa utaona upungufu wa vyote viwili, ukadhani umekatwa mara mbili. Namna ya kujua ni kutazama maingizo yaliyokwisha kuingizwa. Kizuizi hakina tarehe ya kuingizwa, na kitaondoka chenyewe. Ukikuta mistari miwili ya kiasi kimoja, duka moja, tarehe moja ya muamala, na yote miwili ina tarehe ya kuingizwa, nawe ulinunua mara moja, hapo una dai la kweli, na usichelewe kulipeleka.

Jambo jingine dogo linalochanganya watu: hata pale ambapo fedha hutoka papo hapo, kama kwenye mashine ya kutolea pesa ya benki yako mwenyewe, benki hufunga siku yake jioni. Pesa uliyotoa Jumamosi usiku inaweza kubeba tarehe ya kuingizwa ya Jumatatu.

Ninachokidai kwa benki zetu ni kidogo. Zipo zinazochapisha tarehe moja tu kwenye taarifa, ile ya kuingizwa, na kumwachia mteja kazi ya kukumbuka alikuwa wapi siku tatu kabla. Tarehe ya muamala wanayo. Ilikuja pamoja na dai la duka. Waichape kwenye kila mstari, na vichwa vya safu hizo viandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu wanaozisoma ni wenye migahawa, wahazini wa vikundi na wastaafu. Na kizuizi kinapoisha bila dai kufika, watume ujumbe wa simu unaosema hivyo, kama wanavyotuma wanapotukata ada.

Mpaka watakapofanya hivyo, tunza risiti ya kadi hadi uone mstari wake umeingizwa. Ina tarehe ya siku uliyonunua, tarakimu nne za mwisho za kadi yako na namba ya idhini, na ukifika dirishani kulalamika, hiyo namba ya idhini ndiyo karani ataihitaji kulitafuta ingizo lako.