Hesabu ya Sahani: Kuandika Ankara ya Chakula cha Harusi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vinavyopika kwenye sherehe)

Mwenyekiti alipotuomba tuje kuongea juu ya ankara, hiyo ambayo wengi wetu tunaiita invoisi, alisema hivi: "Kupika tunajua. Ni kuitisha pesa ndiyo hutushinda." Basi leo hatutaongea juu ya pilau. Tutaongea juu ya karatasi moja tu, ile inayoandikwa baada ya sufuria kuoshwa.

Tutatumia kisa cha kikundi kimoja cha akina mama upande wa Mwea. Tuliitwa kwao baada ya ugomvi kuanza. Jina la kikundi tunaliacha, na la familia ya harusi pia, maana walipatana na sasa wanasalimiana sokoni.

Kikundi hiki kilipatana na kamati ya harusi kupikia watu 250, kila sahani shilingi 400. Usafiri wa vyombo kwa pikapu ulikuwa shilingi 5,000. Chini ya karatasi karani aliandika maneno matatu: "Huduma asilimia 10." Mweka hazina wa kamati alilipa amana ya shilingi 60,000, ile tunayoita dipoziti, akapewa risiti. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Kisha idadi ya wageni ikaanza kucheza. Siku kumi kabla ya harusi, shangazi ya bibi harusi alimpigia mama mwenyekiti simu, akamwambia atayarishe chakula cha watu 300 kwa sababu jamaa wa Nakuru wanakuja na basi. Mwenyekiti akasema sawa. Jumanne ya wiki ya harusi, mweka hazina wa kamati naye akatuma ujumbe wa simu: "Tumehesabu kadi, tupikie watu 260." Mwenyekiti akajibu sawa tena. Alhamisi, kwa kuogopa aibu ya chakula kuisha, akina mama wakaenda kwa mwenye bucha wakachukua kilo 8 za nyama kwa deni. Jumamosi wakapakia sahani dazeni 25, yaani 300.

Harusi ilikwisha vizuri. Jumatatu kikundi kikapeleka ankara hii: watu 300 kwa shilingi 400 ni 120,000; toa amana 60,000, inabaki 60,000; huduma asilimia 10 ni 6,000; usafiri 5,000; jumla ya kulipwa 71,000. Kamati wakakasirika. Wakaandika yao: watu 250 ni 100,000, ongeza usafiri 5,000, toa 60,000, salio 45,000. Huduma hawakuiandika kabisa. Walisema hawajui huduma ni nini, kwa kuwa chakula chenyewe ndiyo huduma.

Kati ya karatasi hizo mbili kuna shilingi 26,000. Wakati huo mwenye bucha alikuwa anangoja nyumbani kwa mwenyekiti, na wale wasichana sita walioosha vyombo hawakuwa wamelipwa hata senti.

Tulipoketi na pande zote mbili, tulianza na swali moja: ni watu wangapi wa kulipiwa? Kikundi kilisema 300 kwa sababu ya shangazi. Lakini shangazi hakuwa kwenye kamati na hakuwa ameweka sahihi popote. Kamati nao walisema 250 kwa sababu ndiyo idadi iliyoandikwa siku ya amana. Lakini ni wao wenyewe waliotuma ujumbe wa 260, na ujumbe ule ulikuwa bado kwenye simu ya mwenyekiti. Tuliusoma kwa sauti mbele ya wote. Kwa hiyo 250 ikaondoka mezani, na 300 ikaondoka pia.

Ile 260 tunaiita idadi ya kufunga. Ndiyo idadi ambayo mwenye sherehe ametoa kwa mara ya mwisho, na ambayo kikundi kinanunulia chakula. Tuseme wangekuja watu 230 tu. Je, tungewalipisha 230? Hapana. Mchele umeshapimwa na nyama imeshakatwa. Kwa mchele wa Mwea, kilo moja hulisha watu wanane au tisa wakipewa na vitu vingine, na kilo ya nyama yenye mifupa watu watano au sita. Wasipokuja watu 30, kilo tano au sita za nyama zimelala kwenye sufuria na mwenye bucha hazirudishi. Kwa hiyo wakija pungufu, ankara inabaki kwa idadi ya kufunga. Wakija zaidi, inapanda mpaka idadi ya waliokula.

Sasa, waliokula tutawajuaje? Wageni hawahesabiki. Wanaingia na kutoka, watoto wanakimbia, na wengine ni wa jirani ambao walisikia muziki tu. Hesabu sahani. Sahani 300 zilitoka nyumbani, na 12 zilirudi zikiwa safi kwenye kreti. Kwa hiyo 288 zilitumika. Wapishi na wahudumu wanane wa kikundi walikula pia, na hao si wageni wa kulipiwa. Mia mbili themanini na nane toa nane, tukabaki na 280. Wenye vyombo vya muziki, mpiga picha na dereva wa basi wote wamo humo ndani, maana hakuna mahali palipoandikwa kuwa watakula bure. Mweka hazina hakufurahia hapo, lakini alikubali.

Hesabu hii iliwezekana kwa bahati. Maji yalikuwa mbali, kwa hiyo hakuna sahani iliyooshwa mpaka watu wote walipokula. Kama sahani zingeoshwa katikati na kurudishwa mezani, 288 isingekuwa na maana yoyote. Nyinyi mlio na vyombo vichache na mnalazimika kuosha katikati, wekeni mtu mmoja mwenye daftari, na kila dazeni inayorudi mezani aipigie alama. Asiwe mpishi. Mpishi ana mambo mengine kichwani siku hiyo. Sahani zikirudi, zihesabiwe mbele ya mtu wa kamati, naye atie sahihi jioni hiyo hiyo kabla hajaenda kucheza.

Mama mmoja aliuliza kama wale 20 waliozidi wangeweza kulipishwa shilingi 500, kwa sababu nyama ya Alhamisi ilinunuliwa kwa haraka na kwa bei ya juu. Tulimwambia haki anayo, lakini karatasi hana. Bei ya waliozidi lazima iandikwe siku ya mapatano. Isipoandikwa, ni ile ile ya kila sahani.

Baada ya hapo tukaja kwa huduma. Tuliwaeleza kamati kwamba ada ya huduma si bakshishi na si faida. Ni malipo ya wale wanaopakua, wanaotembeza vinywaji, na wasichana wa kuosha. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi waliyotia sahihi, kwa hiyo hawakuweza kuikataa. Lakini kikundi nacho kilikuwa na kosa. "Huduma asilimia 10", asilimia 10 ya nini? Ya chakula peke yake, au ya chakula pamoja na pikapu? Walikubaliana iwe ya chakula peke yake. Mngeandika hivyo tangu mwanzo, hilo lisingechukua saa nzima.

Kosa kubwa zaidi la kikundi lilikuwa mahali walipoitoa amana, na hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu tumeliona kwenye vikundi vingi. Walitoa 60,000 kwanza, halafu wakatafuta asilimia 10 ya kile kilichobaki. Maana yake ni kwamba chakula cha shilingi 60,000 kilihudumiwa bure. Wasichana walipoteza 6,000 hapo bila mtu kuwaibia. Amana ni sehemu ya bei iliyotangulia kulipwa. Haipunguzi kazi iliyofanywa. Jumlisha kila kitu kwanza, na amana iwe kitu cha mwisho kutolewa.

Basi tukaandika ankara upya mbele ya wote, hivi:

Chakula, watu 280 kwa sh. 400: 112,000
Ada ya huduma, asilimia 10 ya chakula: 11,200
Usafiri: 5,000
Jumla: 128,200
Toa amana iliyolipwa (pamoja na nambari ya risiti): 60,000
Salio la kulipwa: 68,200

Mkiangalia mtaona jambo la ajabu kidogo. Kikundi kilikuwa kimeitisha 71,000, yaani 2,800 zaidi ya haki yao, ingawa kilikuwa kimejipunja upande wa huduma. Kosa moja lilikuwa limelificha lingine. Ndiyo sababu akina mama walikuwa wanaapa kwamba hesabu yao ni sawa. Walijua wamefanya kazi ya pesa kama hizo, lakini hawakuweza kuonyesha kila shilingi imetoka wapi.

Mweka hazina alilipa 50,000 siku hiyo kwa M-Pesa na 18,200 baada ya wiki mbili. Kwa kila malipo karani aliandika risiti yenye salio lililobaki: ya kwanza 18,200, ya pili sifuri. Mwenye bucha alilipwa siku ile ya kwanza, kisha wasichana.

Kikundi kile sasa kina karatasi mpya ya mapatano. Imeandikwa jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kubadilisha idadi, na wengine wote, hata shangazi, wanaelekezwa kwake kwa heshima. Mabadiliko ni kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Idadi inafungwa siku saba kabla ya sherehe, kwa kuwa siku ya sita wanakwenda kulipia mchele na kuagiza nyama. Amana yao ni nusu ya jumla ya makadirio, na wameandika kwamba sherehe ikivunjika baada ya siku ya kufunga, amana hairudi. Baada ya siku hiyo idadi inaweza kuongezeka kidogo kwa bei iliyoandikwa, lakini haiwezi kupungua.

Mzee pale nyuma ameuliza juu ya watoto. Kikundi hiki kinawaandika watoto wa chini ya miaka sita nusu bei, na kinatumia sahani ndogo za rangi nyingine ili wakati wa kuhesabu zisichanganyike. Kama hamna sahani za namna hiyo, ni afadhali mpatane idadi ya watoto pamoja na ya wakubwa siku ya kufunga, maana jioni, watu wakiwa wamechoka, hakuna atakayekumbuka sahani gani ilikuwa ya mtoto.