MLANGO ULIOFUNGWA: KIJANA, KAZI NA UHALIFU MJINI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliopita katika madarasa haya, na ninyi vijana mnaoyatumia sasa,

Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wa mjini wasio na kazi na uhalifu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, nyingi kati ya hizo katika Dar es Salaam, na kila ninapoalikwa mahali hukutana na majibu mawili. Wa kwanza husema vijana wa siku hizi ni wavivu na hawana adabu. Wa pili husema ni umaskini tu, mpe mtu chakula ataacha wizi. Leo nataka kuwaonyesheni jibu la tatu, ambalo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu, halafu nilipime mbele yenu, maana nalo lina upungufu wake.

Jibu hilo lilitolewa mwaka 1938 na Mmarekani aitwaye Robert Merton. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1910 katika mtaa wa wahamiaji maskini wa mji wa Philadelphia. Alisema kila jamii humfundisha mtu mambo mawili: kitu cha kutamani, na njia ya halali ya kukipata. Mambo hayo yakilingana, watu hutulia. Lakini jamii ikimwambia kila mtoto kwamba lazima afanikiwe, kisha ikawagawia njia wachache, wale waliobaki hupata mkazo. Kwa sababu hiyo fundisho lake limeitwa nadharia ya mkazo.

Angalieni kwamba Merton hakusema umaskini huzaa wizi. Katika kijiji ambacho wote wanalima kwa jembe la mkono na hakuna aliyeahidiwa zaidi ya hapo, umaskini unaweza kuwa mkubwa na wizi ukawa mdogo. Shida huanza pale ahadi inapotolewa kwa wote na mlango ukafunguliwa kwa wachache. Sisi tunaujua mlango huo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na darasa la kwanza likajaa nchi nzima. Lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na miaka ya mwanzo ya 1980 aliyemaliza darasa la saba akachaguliwa kuingia sekondari ya serikali alikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Baadaye sekondari za kata zilijengwa, na kuanzia mwaka 2016 ada ikafutwa. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo mlango haukuondoka, ila umesogezwa mbele: zamani ulikuwa baada ya darasa la saba, sasa wengi wanaukuta baada ya kidato cha nne, na wengine wakiwa na shahada mkononi.

Mtu aliyefika kwenye mlango huo hufanya nini? Merton alitaja njia tano. Tuchukue vijana watano wa darasa moja, ambao nimewabuni kwa ajili ya mfano. Wa kwanza anaendelea kutamani mafanikio na kutafuta kwa njia ya halali: anauza soksi Kariakoo na kungoja. Wa pili anatamani vilevile, lakini anabuni njia yake: ananunua simu za wizi na kuziuza. Wa tatu amekata tamaa ya kufanikiwa ila anashika utaratibu: kila Jumatatu anavaa shati lililopigwa pasi na kupeleka barua ya maombi, ingawa hategemei tena kujibiwa. Wa nne ameacha vyote viwili, lengo na njia, na utamkuta kijiweni na dawa za kulevya. Wa tano amekataa vyote viwili pia, lakini anataka kuweka vingine mahali pake; huyo ni mwasi. Kati ya hao watano, anayefanya uhalifu wa kutafuta mali ni yule wa pili tu. Kwa hiyo anayesema kwamba kijana asiye na kazi ni mwizi amewasingizia wengi.

Sasa tumfuate yule wa kwanza, maana ndiye anayetuhusu zaidi. Tuseme mtaji wake ni shilingi 60,000, amenunua jozi 60 za soksi kwa shilingi 1,000 kila moja. Anauza kwa 1,500. Siku njema anauza jozi 20 na kupata faida ya shilingi 10,000. Ondoa chakula, nauli na sehemu ya kodi ya chumba, jumla shilingi 7,000. Kinachobaki ni 3,000. Siku moja mgambo wanapita, wanachukua mzigo wote, na mmoja anampiga kofi mbele ya wateja. Ili arudishe mtaji ule anahitaji siku 20 njema, lakini siku hizo hawezi kuzipata kwa sababu hana tena cha kuuza.

Mwaka 1992 Robert Agnew, Mmarekani mwingine, aliipanua nadharia ya Merton kwa kusema mkazo una vyanzo vitatu: kushindwa kufikia unachokitaka, kunyang'anywa ulichonacho, na kutendewa vibaya. Kijana wetu amepata vyote vitatu ndani ya robo saa. Agnew alieleza kwamba kinachomsukuma mtu kwenye uhalifu zaidi ni hasira ya kuona ameonewa. Kofi lile huenda likawa na uzito kuliko soksi 60.

Je, jioni hiyo kijana huyo atakuwa mwizi? Mwaka 1960 Richard Cloward na Lloyd Ohlin walionyesha kwamba hata njia ya haramu ina mlango wake. Wizi wa simu unamhitaji anayekufundisha, fundi wa kuifungua, na mnunuzi asiyeuliza maswali. Mtaa wenye watu hao hufundisha wizi wa kimyakimya, wa kutafuta faida. Mtaa usio nao, wenye vijana wengi wasio na njia ya halali wala ya haramu, huzaa magenge ya fujo, ambayo hutafuta jina na kuogopwa kuliko mali. Mnakumbuka Dar es Salaam ilivyotishwa na makundi yaliyoitwa Panya Road, mwanzoni mwa 2015 na tena mwaka 2022. Vijana wadogo wenye mapanga huvamia kwa wingi, hujeruhi, na kuondoka na vitu vidogo. Kwa macho ya mfanyabiashara wa wizi hiyo ni hasara tupu. Kwa kipimo cha Cloward na Ohlin inaeleweka kidogo.

Ndugu zangu, niliahidi kuipima nadharia hii. Pigo la kwanza lilitoka kwa Travis Hirschi mwaka 1969, aliyewachunguza wanafunzi wa eneo la Richmond, California. Kama mkazo ndio chanzo, wavulana wenye matamanio makubwa na matarajio madogo wangekuwa wahalifu zaidi. Hakuona hivyo. Waliotamani makubwa walifanya makosa machache, na waliofanya mengi ni wale ambao hawakutamani chochote wala kufungamana na mtu yeyote. Pigo la pili ni la zamani zaidi. Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda kilifungwa na karibu kila mtu akakosa kazi. Wachunguzi waliokwenda huko walitoa kitabu chao mwaka 1933, na walichokikuta hasa ni ulegevu: wanaume walitembea polepole kupita kiasi, na vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua ingawa muda wa kusoma ulikuwa tele. Kwa hiyo kukosa kazi peke yake hakutoshi kueleza uhalifu. Lazima uulize pia: kijana huyu ana nani, na anajiona ni nani?

Jaribio moja la Liberia linatusaidia hapo. Baada ya vita, kuanzia 2009, wachunguzi wakiongozwa na Christopher Blattman waliwachukua wanaume 999 wa Monrovia waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi. Kwa kura waliwagawa mafungu manne. Fungu moja lilipata mafunzo ya wiki nane ya kutawala hasira, kupanga mbele, na kujizoeza kuvaa na kuishi kama raia wa kawaida. Wafundishaji walikuwa watu waliowahi kuishi maisha kama hayo. Fungu la pili lilipewa dola 200. La tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata kitu.

Waliopewa fedha tu hawakubadilika kwa muda mrefu. Waliopata mafunzo tu walipunguza uhalifu, lakini mwaka ulipopita sehemu ya faida hiyo ilififia. Waliopata vyote viwili walidumu, na walipotafutwa tena baada ya miaka kumi, wizi wao ulikuwa bado chini kwa karibu nusu. Na hapa ndipo pa kushangaza: biashara nyingi zilizoanzishwa kwa dola hizo zilikuwa zimekufa kabla ya mwaka kwisha. Wachunguzi wanadhani fedha ile ilimpa mtu miezi michache ya kuishi bila kuiba, na katika miezi hiyo akazoea kuwa mtu mwingine, na majirani wakazoea kumwona hivyo.

Basi tunaposhauriana juu ya mfuko wa chama chetu, nina mambo mawili. Limependekezwa jambo la kugawa mitaji midogo kwa vijana wetu waliokwama. Mimi naunga mkono, ila kwa sharti kwamba kila mkopo uambatane na mtu mzima mmoja kati yetu atakayemtembelea kijana huyo kila wiki kwa miezi kadhaa. Fedha bila mtu, Monrovia imetuonyesha mwisho wake.

Jambo la pili ni chungu. Wengi wetu humu tuna ofisi, na tunajua nafasi ya kazi inavyopatikana kwa kikaratasi cha mjomba kabla tangazo halijabandikwa ukutani. Kila kikaratasi cha namna hiyo humwambia kijana aliyefaulu kwa jasho kwamba njia ya halali tuliyomfundisha hapa shuleni ni ya uongo. Hatuwezi kuja hapa kila mwaka kuwaambia vijana hawa wasome kwa bidii, kisha Jumatatu tukawafungia mlango kwa mkono wetu wenyewe. Napendekeza mkutano huu uazimie kwamba nafasi yoyote iliyo chini ya mwanachama wetu itangazwe, na ibandikwe pia kwenye ubao wa shule hii.

Na ninyi vijana, mtakapofika kwenye mlango huo, msihesabu fedha zenu tu. Hesabuni na watu mlionao.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.