Nani Alimpa Mamlaka? Padre, Imamu, Mmonaki na Mzee wa Kokwet

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, Kaptagat. Tumeyachapa kwa sababu vikundi vingi vimetuuliza juu ya wazee na ugawaji wa mashamba ya marehemu.)



Leo tunalinganisha watu wanne ambao sisi sote tunawaheshimu. Taabu ni kwamba tukishamheshimu mtu tunadhani anaweza kuamua kila jambo. Basi kwa kila mmoja tuulize maswali matatu: nani alimweka, mamlaka yake ni juu ya nani, na ukimkatalia atakufanya nini.

Tuanze na padre. Yeye hachaguliwi na waumini. Anapewa daraja na askofu, naye askofu ndiye humtuma parokiani na ndiye humhamisha. Hata akihamishwa bado ni padre. Kazi yake ni misa, sakramenti, mafundisho na uangalizi wa parokia. Ukikataa maagizo ya Kanisa anaweza kukunyima sakramenti fulani kwa kufuata sheria za Kanisa, lakini hawezi kukunyang'anya ng'ombe wala shamba. Hata harusi anayofungisha inatambuliwa na serikali kwa sababu ana leseni ya kufungisha ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Padre amebeba mamlaka mbili siku hiyo, moja ya Kanisa na nyingine ya serikali.

Imamu watu humfananisha na padre, na hapo ndipo wanakosea. Kwa Waislamu wa Sunni, ambao ndio wengi hapa kwetu, imamu hapewi daraja. Waumini au kamati ya msikiti humchagua kwa kuwa anaijua Kurani na ana mwenendo mwema. Asipofika, mwingine mwenye elimu hutangulia mbele na sala inaendelea. Hasikilizi maungamo. (Mashia hulitumia jina imamu kwa maana kubwa zaidi, lakini hiyo tuiache leo.) Mwenye kuhukumu si imamu, ni kadhi, naye ni ofisa wa mahakama. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake.

Mmonaki nitampitia upesi kwa maana wengi wenu hamjamwona. Si kila mmonaki ni padre. Yeye ameweka nadhiri ya kukaa katika jumuiya moja, akisali na kufanya kazi, chini ya abati ambaye wamonaki wenyewe wamemchagua. Mamlaka ya abati huishia langoni. Lakini kanuni ya Mtakatifu Benedikto ina jambo la kupendeza: kukiwa na neno kubwa, abati awaite wote na amsikilize hata aliye mdogo kabisa, kisha aamue yeye. Kule Lumbwa, upande wa Kericho, walikaa Watrapisti tangu 1956. Baada ya vita vya uchaguzi walihamia Uganda mwaka 2008. Majirani waliwajua vizuri, lakini hawakuwa na amri juu ya majirani.

Sasa tuje kwa mzee. Hapa kwetu wako wa namna mbili na tusiwachanganye. Kuna mzee wa kijiji anayemsaidia chifu na naibu wake. Halafu kuna kokwet, baraza la majirani la tangu zamani, ambapo watu huketi na kusema mpaka wakubaliane. Hakuna kupiga kura. Nguvu ya kokwet ni hayo makubaliano, na aibu ya kutengwa na majirani. Zamani waliosema ni wanaume tu.

Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki 2017, aliifahamu nguvu hiyo. Vita vilipozuka mwisho wa 2007 alipokea maelfu ya watu katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Kufungua lango kulikuwa ndani ya uwezo wake. Lakini kumwamuru mtu arudi kuishi na jirani aliyemchomea nyumba hakungefaa kitu. Kwa hiyo kila upande ulikaa kwanza peke yake na wazee wake, ukataja machungu yake, ndipo wakakutana.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mzee mmoja wa hapa amefariki bila wosia. Ameacha mke mmoja, wana watatu, mabinti wawili na ekari 8. Padre amemzika. Wiki ya pili kokwet inaketi, inawagawia wana watatu, mmoja anaenda kupima na mwingine anauza kipande. Jambo hili mmeliona.

Lina makosa mawili. Kwanza, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimruhusu mtu kuuza wala kugawa mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa idhini. Kifungu cha 45 kinasema ni kosa la jinai. Aliyenunua kile kipande anaweza kukipoteza, na pesa zake azifuate kwa muuzaji. Pili, sheria hiyo inamwacha mjane ashikilie shamba maisha yake yote. Baadaye watoto wote watano wako sawa, ekari 1 na sehemu 6 za kumi kila mmoja. Binti aliyeolewa yumo.

Ingekuwa familia hiyo ni ya Kiislamu, na wazazi wa marehemu hawako hai, wakaenda kwa kadhi, mjane angepata thumuni, yaani ekari 1. Ekari 7 zinazobaki hukatwa mafungu 8: kila mwana mawili, kila binti moja. Mwana anapata ekari 1 na robo tatu, binti nusu ya hiyo. Imamu anaweza kuwaeleza hesabu hii vizuri sana. Hukumu ni ya kadhi.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza, "Mwalimu, basi wazee hawana kazi?" La, wanayo, na kubwa. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 159, inaziambia mahakama zitie moyo njia za jadi za kupatanisha, mradi zisivunje haki za mtu. Tena warithi watu wazima wakikubaliana wote kugawana kwa namna nyingine, mahakama kwa kawaida huyafuata makubaliano yao. Nani atawafikisha hapo? Si wakili wa Eldoret. Ni kokwet.

Kwa hiyo angalieni karatasi ya wazee. Ikiwa na sahihi za wazee peke yao, ni habari tu. Inatakiwa iwe na jina, nambari ya kitambulisho na sahihi ya mjane na kila mtoto mtu mzima, hata yule binti aliyeolewa mbali, na kila mmoja anapata nini. Kisha familia ichukue barua ya chifu inayotaja warithi wote, ipeleke ombi mahakamani, itangazwe katika Gazeti la Serikali na wenye pingamizi wapewe siku 30. Ugawaji wenyewe kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6 tangu idhini itolewe. Katika muda huo wote mama anaendelea kulima, na hakuna anayeweka mpaka.