Udi Chumbani, Pumu Kifuani

Msikilizaji, moshi wa udi na ubani unaotoka kwenye chetezo hubeba chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Manukato ya kupuliza hayana moshi, lakini kemikali zake nazo huwasha njia ya hewa. Kwa mwenye pumu, njia hiyo hubana. Mtoto huumia zaidi, kwani njia zake ni nyembamba na hupumua haraka.

Akianza kukohoa na kifua kulia kama filimbi, mtoe nje, umpe dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekeza daktari. Mbavu zikibonyea ndani au akishindwa kuongea, mkimbize hospitali.

Kufungua dirisha hupunguza moshi, hakuumalizi. Nguo zifukize uani, mtoto akiwa mbali.