Kujumlisha karatasi kumi na mbili za mwaka kwa fomula moja

(Mada iliyotolewa kwa waweka hazina wa vikundi)



Tunapopitia taarifa za mwaka za vikundi, tunaona kuwa wengi mmekwisha kuweka hesabu kwenye Excel, karatasi moja kwa kila mwezi. Ila ifikapo Januari wengi bado huchukua kikokotoo na kunakili jumla za miezi kwa mkono. Leo tuone jinsi ya kuiachia kompyuta kazi hiyo, na jinsi ya kutambua ikikosea.

Tuchukue mfano. Kikundi kina karatasi kuanzia Januari hadi Desemba, zote zimepangwa sawa. B4 ni salio la kuanzia. B5 hadi B7 ni mapato, na B8 ni jumla yake. B10 ni usafiri, B11 vifaa vya ofisi, B12 misaada kwa wagonjwa, na B13 jumla ya matumizi. B15 ni salio la mwisho.

Ongezeni karatasi yenye mpangilio huohuo, muiite Mwaka, na muiweke kushoto kwa Januari. Mkiwa kwenye B5 ya Mwaka, andikeni =SUM( kisha bonyezeni jina la Januari chini ya ukurasa. Shikilieni Shift, bonyezeni Desemba, halafu bonyezeni seli B5. Fungeni mabano na kubonyeza Enter. Itasomeka hivi:

```
=SUM(Januari:Desemba!B5)
```

Maana yake ni: chukua B5 ya kila karatasi iliyoko kati ya Januari na Desemba, ujumlishe. Nakilini fomula hiyo kwenye mistari mingine ya mapato na matumizi pamoja na jumla zake. Msiitumie kwenye B4 na B15, kwa sababu salio la mwezi mmoja ndilo linaloanza mwezi unaofuata, na kulijumlisha ni kuhesabu fedha ileile mara nyingi.

Fomula hii haisomi majina ya miezi, inatazama mahali karatasi ilipo. Mkiisogeza Juni kulia kwa Desemba, Juni inatoka kwenye jumla bila onyo lolote. Vivyo hivyo, karatasi ya majaribio ikiachwa katikati, nayo itahesabiwa.

Hatari kubwa zaidi ni mstari unaoongezwa katika mwezi mmoja tu. Tuseme Agosti kikundi kilitumia usafiri 40,000, vifaa 10,000 na misaada 60,000. Kisha baiskeli ikatengenezwa kwa 15,000, na mweka hazina akaingiza mstari mpya chini ya usafiri. Jumla ya Agosti, 125,000, sasa imeshuka hadi B14, na kwenye B13 yapo misaada 60,000. Karatasi ya Mwaka inaendelea kuchukua B13. Matumizi ya mwaka yamepungua kwa 65,000, na hakuna ujumbe wa kosa.

Mtajuaje? Wekeni kwenye Mwaka seli moja ya ukaguzi:

```
=Januari!B4+B8-B13-Desemba!B15
```

Jibu lazima liwe 0. Katika mfano wetu kikundi kilianza na 180,000, kikapata 1,440,000, kikatumia 1,200,000, na Desemba ikafunga na 420,000. Mwaka inaonyesha matumizi 1,135,000, hivyo ukaguzi unatoa 65,000. Hapo piteni kila mwezi mkitazama A13. Pasiposomeka "Jumla ya matumizi", mmepata mwezi wenye tatizo.

Ili kuzuia hali hiyo, acheni mistari miwili mitupu katika kila mwezi kabla mwaka haujaanza. Mkilazimika kuongeza mstari, chagueni Januari hadi Desemba kwa Shift na kuuingiza kwenye zote kwa pamoja. Kisha bonyezeni Mwaka ili kuachanisha kundi, ongezeni mstari huo hapo pia, na mhakikishe kila fomula inataja seli sahihi. Msisahau kuachanisha, maana mkiandika karatasi zikiwa kundi, mtaandika kwenye miezi yote.

Jambo la mwisho ni namna ya kuandika kiasi. Mtu akiandika 40,000/= Excel huona maneno, na SUM huyaruka. Alama yake ni kwamba kiasi hicho hukaa upande wa kushoto wa seli, wakati namba hukaa kulia. Andikeni namba tupu.

Wanaotumia LibreOffice wataandika hivi:

```
=SUM(Januari.B5:Desemba.B5)
```

Google Sheets haina fomula ya namna hii. Huko itabidi mtaje kila mwezi kwa jina lake.

Kabla ya kupeleka taarifa kwenye mkutano mkuu, linganisheni salio la Desemba na kitabu cha benki pamoja na fedha iliyo mkononi. Seli ya ukaguzi inathibitisha kuwa karatasi zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe; haithibitishi kuwa fedha ipo.