Gharama za likidateri: nini inatoka kwenye urithi, na warithi waulize namna gani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Uvira)

Katika mkutano uliopita mama mmoja aliuliza hivi: kaka yetu mkubwa aliuza parseli ya baba, na mbele ya kutugawia akakata gharama zake, akakata tena asilimia kumi ya kazi yake. Iko na haki? Nilimwambia asubiri, nitajibu mbele ya wote, juu si yeye peke yake.

Wale tuliokaa Tanzania tumezoea kusema msimamizi wa mirathi. Huku kwetu anaitwa likidateri. Kufuatana na Kode ya familia, ile sheria ya 1987 iliyorekebishwa 2016, marehemu asipoacha wosia, mrithi mwenye umri mkubwa ndiye anashika kazi hiyo, na akikataa, warithi wanachagua mwingine. Kama kuna wosia uliotaja mtu, ni huyo. Kazi yake ni kujua warithi ni nani, kulinda mali, kulipa madeni, halafu kugawa. Mali si yake. Anaishika kwa ajili ya wote.

Sasa nirudi kwa ulizo la mama. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: gharama na malipo. Gharama ni feza likidateri aliyoitoa kwa ajili ya urithi wenyewe: maziko, karatasi za tribinali, bati lililotoboka kwenye nyumba ya wapangaji. Hiyo inamrudia, hata kama ni yeye alitoa feza mfukoni kwake. Malipo ni mshahara wa jasho lake, na huu hauji wenyewe. Sheria yetu ya mapatano, ile ya zamani ya 1888, inasema mtu uliyemtuma akufanyie kazi anaifanya bure, isipokuwa mumepatana vingine. Kwa hiyo anayedai asilimia kumi, ulizo ni moja tu: imeandikwa wapi? Kwenye wosia? Kwenye prose-verbali ya baraza la familia? Kwenye uamuzi wa tribinali? Akikosa kuonyesha, hana anachodai. Warithi wakipenda kumpa kitu cha asante, ni wema wao.

Nitawapa kesi moja. Mahali na watu sitataja. Baba alikufa, mama alikuwa ametangulia, na wazazi na ndugu za baba hawakuwa tena hai. Walibaki watoto watano: mkubwa akawa likidateri, mmoja yuko Bukavu, wawili walikuwa bado Nyarugusu, na binti mmoja alikuwa amerudi mwaka ule ule. Kaka aliuza parseli dola 9,000, akaandika tena kodi ya vyumba viwili, dola 800. Jumla 9,800. Halafu akaleta karatasi ya matumizi: deni la baba 400, kilio 1,450, safari 600, avoka 500, mabati na fundi 380, kazi yangu 980, mengineyo 300. Yote ni 4,610. Ilibaki 5,190, kila mtoto dola 1,038. Akawaambia watie sahihi wachukue.

Yule binti aliyerudi hakutia sahihi. Nawaambia wazi, hapo ndipo alipookoa wenzake. Ile karatasi ilikuwa imeandikwa kwamba kila mmoja amepokea sehemu yake kamili na hana tena neno. Ukishaitia sahihi, ukija kulalamika nyuma utahangaika sana. Kama una njaa na unataka kitu kidogo mbele, andika kwa mkono wako: nimepokea kiasi hiki kama sehemu ya kwanza, hesabu bado sijaziona.

Aliandika barua, ukurasa mmoja, bila tusi. Aliomba vitu vitatu: orodha ya kila feza iliyoingia, orodha ya iliyotoka pamoja na risiti, na siku ya kukaa pamoja. Kopi alimpa baba mkubwa mmoja wa ukoo, nyingine akaiweka, na aliyepokea akatia sahihi juu yake. Wale wawili wa Nyarugusu walimtumia prokirasyo, ili aseme pia kwa jina lao.

Siku ya kukaa, walipita mstari kwa mstari. Deni la 400 lilikuwa na karatasi yenye sahihi ya baba, wakakubali. Kwenye kilio, kweli kaka alitumia 1,450, lakini daftari la michango ya matanga lilionyesha watu walitoa 650. Ile michango ilikuja kumzika baba, haikuja kwa kaka. Ilibaki 800. Hapa ndipo familia nyingi zinapotea, juu hakuna anayekumbuka daftari la kilio. Lishikeni tangu usiku wa kwanza.

Safari tatu za Kigoma: mbili zilikuwa kukusanya sahihi za wadogo, na tiketi zilikuwepo, dola 220. Ya tatu alikwenda kununua vitenge vya biashara yake. Ikatoka. Avoka: 300 ilikuwa ya karatasi za urithi. Ile 200 alimlipa amtetee yeye mwenyewe, pale dada alipomshitaki kwa shefu wa kartie juu ya kodi. Hiyo ni vita yake, alipe mwenyewe.

Mabati walikubali yote 380, hata misumari na mbao zisizokuwa na risiti. Hapo nawaomba na ninyi warithi musikaze shingo. Muuza mbao wa soko haandiki risiti. Kama bati jipya linaonekana na fundi anakubali alilipwa, inatosha. Wa kuogopa ni yule mwenye risiti safi kupita kiasi: za miezi sita tofauti, lakini bik moja, mwandiko mmoja, na namba zinafuatana 41, 42, 43. Nenda dukani uulize.

“Mengineyo” ilifutwa, juu mengineyo si kitu. Kazi yangu 980 haikuwa imepatanwa. Wakampa 200 kwa moyo wao.

Lakini binti aliangalia pia upande wa feza zilizoingia, na watu wengi hawaangalii pale. Kila chumba kilikuwa dola 40 kwa mwezi, na miezi ilikuwa 15. Chumba kimoja kilileta 600. Cha pili kilileta 200 tu. Miezi kumi mule alikaa shemeji wa kaka, bila kulipa. Kaka alitoa zawadi ya mali ya watu watano. Akakubali kuirudisha, dola 400.

Hesabu mpya: iliyoingia 10,200, iliyotoka 2,300, iliyobaki 7,900. Kila mtoto 1,580 mahali pa 1,038.

Kama kaka angekataa kuleta hesabu? Wangepeleka ile barua, ikiwa na sahihi ya kupokelewa, kwenye tribinali ya amani, tunayoita tripe. Mambo ya urithi yanaanzia pale. Wangeomba alazimishwe kutoa hesabu, na ikibidi abadilishwe. Aliyekula feza ya urithi kwa makusudi anaweza pia kushitakiwa kwa kuvunja uaminifu, na hilo lina gereza. Lakini fikirini mbele: kwa mali kidogo, avoka na safari za tribinali zinaweza kula zaidi ya zile dola munazogombania.

Mama aliyeuliza, karatasi ya kaka yako ulisema hujaitia sahihi bado. Ilete Jumamosi, na kama kuna daftari la kilio, lilete pia.